“Punguza Mawazo” Siyo Dawa ya Hedhi

SEHEMU YA 1

Mama zangu na dada zangu wa Masasi, Newala na kwingineko, leo nina ugomvi na maneno mawili: punguza mawazo.

Mwanamke hajaona siku zake miezi mitatu, au anatafuta mtoto mwaka mzima sasa, na kila anayeongea naye anamwambia hayo hayo. Mama mkwe anasema, wifi anasema, shoga anasema. Halafu anatokea muuza unga wa pakiti: homoni zako zimevurugika, lete hela nikusafishe kizazi.

Mimi nasema hivi. Ni kweli msongo wa muda mrefu unaweza kuzuia yai lisitoke. Lakini ukimwambia mtu apunguze mawazo bila kumpunguzia mzigo, hujamsaidia, umemlaumu tu. Na ukisema “ni mawazo” kabla hajapimwa, unaweza kuficha ugonjwa unaotibika. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Yai linasubiri amri ya kichwani

Wengi tunadhani hedhi ni mambo ya kizazi peke yake. Siyo. Ndani ya ubongo, kwa chini, kuna sehemu ndogo sana inaitwa haipothalamasi. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, inatuma ishara kwa mapigo, kama mtu anayebisha hodi kila baada ya saa moja hadi saa moja na nusu. Anayebishiwa ni tezi ya pituitari iliyo chini yake. Ikisikia hodi hizo inamwaga homoni kwenye damu, kifuko cha yai kinakua, nacho kinatoa estrojeni. Estrojeni ikipanda vya kutosha, pituitari inamwaga homoni nyingi kwa mkupuo, na baada ya kama saa 36 yai linatoka.

Sasa, haipothalamasi hiyo hiyo ndiyo inayopokea habari za hatari: njaa, kipigo, msiba, deni, kukesha. Ikizipata, inaamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe kotisoli. Kotisoli siyo sumu. Kila asubuhi inapanda ili uamke, usiku inashuka. Shida ni pale inapobaki juu wiki baada ya wiki. Hapo zile hodi zinakuwa chache, na pituitari nayo inakuwa nzito kusikia. Kifuko cha yai kinakua kwa kusuasua au kinaishia njiani.

Kwa hiyo kizazi chako hakina uchafu wa kusafishwa. Amri ndiyo haijafika. Unga wa pakiti utasafisha nini hapo?

SEHEMU YA 3: Siyo udhaifu wa moyo

Watu wanaposema mawazo, wanamaanisha mwanamke anajiendekeza. Basi sikilizeni habari ya Ituri, mashariki mwa Kongo. Miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Peter Ellison wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliwafuatilia wanawake wa Kilese, wakulima kama sisi. Walipima projesteroni kwenye mate yao. Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka, kwa hiyo isipopanda unajua mwezi huo yai halikutoka. Msimu wa njaa ulipofika na wanawake wakapungua uzito, mizunguko yenye yai ikapungua pia.

Watafiti wale hawakufuata kotisoli, walifuata chakula na yai. Lakini njaa nayo ni msongo, na inafika pale pale kwenye haipothalamasi. Wanawake wale hawakuwa na moyo mwepesi. Walikuwa wanakula kidogo kuliko kazi waliyofanya.

Sasa linganisha na huku kwetu. Januari hadi Machi ghala limekwisha, palizi imepamba moto, na pesa ya korosho ilishaisha. Newala kuna mama anateremka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, halafu anakula wa mwisho, kilichobaki. Huyo unamwambia apunguze mawazo? Mpunguzie ndoo!

SEHEMU YA 4: Kalenda inavyokudanganya

Hapa wengi wananaswa. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Chukulia mama mwenye mzunguko wa siku 28. Yai lake hutoka siku ya 14. Mwezi huu mtoto wake amelazwa, yeye analala sakafuni wodini, anakula mara moja kwa siku. Hodi zinapungua, kifuko kinachelewa, yai linatoka siku ya 28 badala ya 14. Hedhi itakuja kama siku ya 42.

Mtoto anapona, wanarudi nyumbani siku ya 25. Kalenda inamwambia siku za hatari zimepita zamani. Lakini mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5, na yai linatoka siku 3 baadaye. Mimba hiyo. Halafu mume anauliza, ilikuwaje?

Na wewe ambaye hedhi imekata kabisa, usijione umefunga uzazi. Yai la kwanza linaweza kutoka kabla hujaona hedhi ya kwanza kurudi.

SEHEMU YA 5: Kabla ya kusema ni msongo

Kama hedhi yako inakuja kwa mpangilio, kila baada ya siku 21 hadi 35, mara nyingi yai linatoka. Basi ukikaa miezi 12 bila mimba (au miezi 6 kama umefika miaka 35), usikubali kuambiwa ni mawazo. Nenda kituoni na mwenzio. Mbegu zake zipimwe, mirija yako iangaliwe.

Kama hedhi imekata miezi mitatu, anza na kipimo cha mimba. Sema kama unanyonyesha au ulichoma sindano ya uzazi wa mpango, maana sindano hukata hedhi na yai linaweza kuchelewa kurudi. Kisha daktari ataangalia homoni ya prolaktini, tezi ya thairoidi, na ovari kwa ultrasaundi. Ukiona maziwa yanatoka wakati hunyonyeshi, au kichwa kinauma na macho yanafifia, usingoje miezi mitatu. Na usitoe hela kupima kotisoli mara moja ukidhani itakupa jibu, maana inabadilika saa kwa saa.

Hayo yakiondolewa, ndipo tunataja msongo. Na hapo tiba ipo. Mwaka 2003 Marekani ulitoka utafiti wa wanawake 16 wenye uzito wa kawaida ambao hedhi ilikata kwa njia hii. Wanane walipewa ushauri nasaha wa kitaalamu kwa wiki 20, kuhusu kula, mazoezi na namna ya kubeba mambo. Sita kati yao yai likarudi kutoka. Wanane wengine waliangaliwa tu, akarudi mmoja. Ni watu wachache, lakini ona kazi iliyofanyika: wiki 20 na mtaalamu. Hakuna aliyeambiwa neno moja mlangoni akaachwa aende.

Kwa hiyo mume, mama mkwe, wifi, mkitaka mjukuu, msimtume mwanamke akapunguze mawazo peke yake. Mbebeeni maji. Apate sahani yake mapema, alale usiku, na mkono usimguse. Anayempiga mke wake halafu anauliza mimba iko wapi, ajue jibu lingine analo yeye.