Maoni Yetu: Kwanza tuambieni mpira uko wapi

Msikilizaji wa mpira redioni ana swali moja kabla ya mengine yote: mpira uko wapi? Akishajua hilo, atataka kujua uko kwa timu gani na unaelekea lango la nani. Jina la mchezaji ni swali la nne. Watangazaji wetu wengi siku hizi wanaanza na hilo la nne, na baadhi yao wanaishia hapo hapo.

Chukua shambulizi la sekunde kumi. Tuseme Yanga wanaanza mpira nyuma dhidi ya Simba, na majina tunayoyatumia ni ya mfano tu. Mtangazaji anasema: “Athumani kwa Hamisi, Hamisi kwa Shabani, Shabani anampa Kassim, Kassim kwa Rajabu, Rajabu… Musaaa! Aaah, Musa!” Hakukosea jina hata moja. Lakini msikilizaji aliye nyuma ya kaunta ya duka hajui kama mpira ulipita kulia au kushoto, hajui umevuka katikati saa ngapi, na hajui huyo Musa kapaisha, kadakiwa au kateleza.

Sasa sikiliza shambulizi lile lile: “Kipa kaanza fupi, kulia. Yanga wanapanda, wamevuka katikati. Winga yuko kwenye chaki, beki wa Simba mbele yake… kampita! Krosi, inaingia ndani ya sita, Musa, kichwa! Mwamba! Umerudi uwanjani, Simba wanaondosha.” Wachezaji waliougusa mpira ni wale wale, ila jina lililotajwa ni moja, la yule aliyekaribia kufunga. Sentensi zinazidi kuwa fupi kadiri mpira unavyolikaribia lango, na ya mwisho inatuambia hatari imeisha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa sana: mtangazaji anapiga kelele, kisha anaanza kumsifu mpigaji, na msikilizaji anabaki hajui kama ni kona, goli kiki au mpira bado unachezwa.

Kiswahili chenyewe kinamrahisishia mtangazaji kazi. “Kampita” ni neno moja lenye mpitaji, mpitwaji na tendo. Kwa hiyo mpira ukiwa kwa mtu mmoja, vitenzi vinatosha: anapokea, anageuka, anatazama, anaachia. Kasoro yake ni kwamba “a” ya mshambuliaji ndiyo hiyo hiyo ya beki. Mpira ukinyang’anywa bila timu kutajwa, msikilizaji anaendelea kushambulia kichwani mwake wakati timu yake imeshageuziwa kibao. Hapa ndipo jina la timu ni lazima. Jina la mchezaji tulisikie pale anapoamua jambo: pasi ya mwisho, shuti, mpira uliookolewa, kadi, au anapoingia kuchukua nafasi ya mwenzake.

Hatusemi majina yafutwe. Shabiki anayalipia kiingilio majina hayo. Ila mechi huanza na wachezaji 22, na kila timu ikibadilisha watano, yanakuwa majina 32 kwa jioni moja. Hakuna anayeweza kuyashika yote kwa sikio huku anapanga bidhaa. Tena upande wa mbali wa uwanja, mvua ikinyesha, hata mtangazaji haoni namba vizuri. Akisema “beki wa kushoto wa Simba” hatakosea. Akibahatisha jina, atalazimika kujisahihisha, na akimaliza kujisahihisha mpira utakuwa umeshafika kwingine.

Tatizo hili la “wapi” lina umri sawa na kazi yenyewe. BBC ilipotangaza mechi ya soka moja kwa moja kwa mara ya kwanza, Arsenal dhidi ya Sheffield United mwezi Januari 1927, jarida lake la Radio Times lilichapisha ramani ya uwanja iliyogawanywa vyumba vinane vyenye namba. Mmoja alitangaza mchezo, na mwenzake alitaja namba ya chumba ulimo mpira. Leo hatuhitaji ramani. Tunahitaji mtangazaji aseme mwanzoni mwa kila kipindi nani anashambulia kutoka kushoto kwenda kulia, kisha atumie alama ambazo kila shabiki anazo kichwani: chaki, duara la kati, kumi na nane, sita, kibendera cha kona.

Halafu kuna utulivu. Mchezaji ameumia, kipa anachelewesha goli kiki, timu inayoongoza inapigiana pasi nyuma. Hapa wengi wanaogopa kimya, wanakijaza kwa historia ya mchezaji tangu akademi, klabu zote alizopitia na idadi ya mabao yake huko. Ni majina mengine juu ya majina.

Kitu cha kwanza cha kujaza kimya ni matokeo na dakika. Kila wakati kuna mtu aliyefungua redio sasa hivi, au aliyepanda daladala na kukuta mchezo unaendelea. Red Barber, mtangazaji maarufu wa besiboli wa Marekani, aliweka mezani kishisha cha mchanga cha dakika tatu, na mchanga ulipoisha alijua ni wakati wa kutaja matokeo tena. Anayetangaza mpira wetu anaweza kutumia saa ya simu kwa kazi hiyo hiyo.

Baada ya matokeo, atuambie jambo moja ambalo macho yake yanaliona na sisi hatulioni. Nani anapasha misuli kando ya uwanja? Beki aliyeumia anachechemea mguu gani? Kocha amesimama mwisho wa eneo lake akimwita winga wake arudi nyuma? Jambo moja kama hilo, lililochaguliwa vizuri, linamwandaa msikilizaji kwa kinachofuata: akijua beki wa kulia anachechemea, krosi inayotoka upande huo dakika mbili baadaye atakuwa anaitegemea. Akishalisema, anyamaze kidogo. Ngoma na kelele za jukwaani nazo ni habari, mradi kipaza sauti cha uwanjani kisizimwe.

Lawama si ya watangazaji peke yao. Vituo vinawapa karatasi ya matangazo ya mdhamini bila kusema yasomwe lini, na mara nyingi yanasomwa mpira ukiwa unaelekea langoni. Vingine vinachukua sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni na kuirusha redioni, ingawa yule wa televisheni ana haki ya kutotaja mahali kwa kuwa picha imeshataja. Mchambuzi naye huongea wakati wowote. Tunashauri kanuni moja kwa yote: tangazo na uchambuzi vingoje mpira utoke au refa apulize filimbi, na vikatwe mchezo ukianza.

Wahariri wa michezo wana kipimo rahisi. Wachukue rekodi ya dakika kumi za mechi iliyopita, wamkalishe mtu asiyeiona, wampe karatasi iliyochorwa uwanja na kalamu. Kazi yake ni kuufuata mpira kwa kalamu kwa kusikiliza tu. Kila kalamu inaposimama, wairudishe rekodi wasikie mtangazaji alikuwa anasema nini. Tunaamini mara nyingi watakuta alikuwa anataja majina.