Nani Alipaswa Kuusajili Mkataba?

Mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100. Siku ya kwanza tu, wagonjwa wapatao mia moja walitoroka hospitali ya Mathari. Serikali ikadai mkataba wa Juni 2013 haukuwa na nguvu kwa kuwa haukusajiliwa mahakamani. Ajabu! Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kifungu cha 60, yamtwika mwajiri mzigo wa kuuwasilisha ili usajiliwe, katika siku 14. Basi mwajiri alijikinga kwa uzembe wake mwenyewe, kisha Januari 2017 akatoa nyongeza ya asilimia 40 kana kwamba ni hisani. Madaktari wakaikataa. Hatuwaoshi madaktari; mgonjwa hakuwa ametia sahihi popote, naye ndiye aliyefukiwa.