Mshahara wa Askari na Karatasi za Hazina

Askari wengi walio Diaca, katikati ya barabara ya Mueda na Mocímboa da Praia, huacha sehemu ya mshahara benki kwa sababu huku hakuna pa kuitumia. Wako wanaoulizia sasa juu ya dhamana za Hazina na hati fungani, wakiwa wameambiwa kwamba fedha iliyokopeshwa Serikali haipotei. Kauli hiyo yahitaji kupimwa.

Dhamana ya Hazina ni mkopo mfupi, wa siku 91, 182 au 364. Hailipi riba kila mwezi. Hununuliwa kwa bei pungufu, na siku ya kuiva hulipwa thamani yote. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, faida ya asilimia 12 kwa mwaka. Dhamana ya meticais 100,000 ya siku 364 itanunuliwa kwa 89,312 hivi, nayo faida itakuwa 10,688. Ya siku 91 itagharimu 97,095. Askari hafiki mnadani mwenyewe. Huiagiza benki yake, na ni wajibu wake kuuliza ada mapema, kwani faida ya siku 91 ni ndogo, na ada kubwa huimaliza.

Hati fungani ni ya miaka, na hulipa riba kwa vipindi. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Askari ana hati ya 100,000 yenye riba ya asilimia 10, iliyobakiza miaka mitatu. Mtoto anaugua, fedha inatakiwa. Ikiwa wakati huo hati mpya zinatoa asilimia 14, mnunuzi atampa kama 90,700 tu. Serikali haikumdhulumu, ni yeye aliyelazimika kuuza kabla ya wakati. Tena mnunuzi mwenyewe huenda asipatikane upesi. Fedha ya dharura na ikae benki.

Liko na jambo zito zaidi, nasi hatuoni sababu ya kulificha. Januari 2017 Msumbiji haikulipa riba ya hati zake za nje. Mwaka 2025 hati fungani za ndani zilizokuwa zikiiva zilibadilishwa kwa nyingine za muda mrefu, na shirika la S&P likahesabu tendo hilo kuwa ni kushindwa kulipa kwa sehemu. Ghana nayo, kuanzia Desemba 2022, iliwataka wenye hati za ndani wapokee hati mpya za riba ndogo; dhamana za muda mfupi hazikuguswa.

Kwa hiyo, kwa anayeanza, sisi tunaona ya siku 91 ndiyo ifaayo, na kiasi kisichozidi kile ambacho nyumba yaweza kukikosa iwapo malipo yatachelewa. Ikiiva, aone kwanza fedha imeingia katika akaunti yake, ndipo aulizie ya siku 182.