Kanuni ya Z na mali kauli ya Tunduma

Hoja mmeshaisikia. Kabla ya kumpa mteja mali kauli, mwombe hesabu zake za mwaka, ziingize kwenye kanuni ya Z ya Profesa Edward Altman ya mwaka 1968, usome jibu. Likivuka 2.99, pakia mzigo. Likiwa chini ya 1.81, apende asipende, alete taslimu. Baadhi ya wauzaji wa jumla wa Tunduma wameipenda, na sishangai, kwa sababu ukitumia namba kumnyima mtu mkopo, hakuna atakayekuita mchoyo. Nimeisoma hoja hiyo mstari kwa mstari, na kanuni yenyewe pia. Pimeni wenyewe.

Dai la kwanza: kanuni imethibitika kwa asilimia 95. Namba hiyo ni ya kweli. Altman alichukua kampuni 66 za viwanda za Marekani, 33 zilizofilisika na 33 zilizosalimika, na kwa hesabu za mwaka mmoja kabla ya anguko kanuni iliziweka karibu zote mahali pake. Akaijaribu tena kwa kampuni nyingine 25 zilizofilisika, ikazitambua 24. Hapo ndipo watetezi wake wanapofunga kitabu. Wangefunua kurasa chache mbele wangekuta kwamba kwa hesabu za miaka miwili kabla, ilizitambua asilimia 72 tu ya zilizofilisika, na kwa miaka mitatu asilimia 48. Wangekuta pia jaribio ambalo kwetu ndilo lenye uzito zaidi: kampuni 66 zilizopata hasara lakini hazikufilisika. Kanuni ilizihukumu 14 kati yake kwamba zinakufa, yaani zaidi ya moja katika kila tano. Mnunuzi wa mahindi wa Mbozi aliyepigwa na bei msimu mmoja anafanana na kundi lipi? Hafanani na kiwanda cha Marekani kinachokwenda mahakamani. Anafanana na hao waliohukumiwa bure.

Dai la pili: kanuni inafaa biashara ya aina yoyote. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Moja ya namba tano za kanuni ya 1968 ni thamani ya hisa sokoni. Mwenye duka la jumla barabara ya kwenda mpakani hana hisa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo wapigia debe wetu wanaweka mtaji wa vitabuni badala yake, kisha wanaendelea kutumia vizio na mipaka ileile ya 2.99 na 1.81. Altman mwenyewe hakufanya hivyo. Alipotaka kutumia mtaji wa vitabuni alikokotoa upya vizio vyote na kubadilisha mipaka. Baadaye, kwa biashara zisizo viwanda, aliitupa kabisa namba ya tano, ile ya mauzo kugawanya kwa mali. Matoleo hayo mawili ni haya:

```
Z'  = 0.717*X1 + 0.847*X2 + 3.107*X3 + 0.420*X4 + 0.998*X5
Z'' = 6.56*X1 + 3.26*X2 + 6.72*X3 + 1.05*X4
```

X1 ni mtaji wa uendeshaji, X2 faida iliyolimbikizwa, X3 faida kabla ya riba na kodi, na X5 mauzo; kila moja imegawanywa kwa jumla ya mali. X4 ni mtaji wa mwenye biashara ukigawanywa kwa madeni yote. Kwa toleo la kwanza salama inaanzia 2.9, na chini ya 1.23 ni hatari. Kwa la pili mipaka ni 2.6 na 1.1.

Sasa tuchukue mfano wa muuzaji wa saruji na sukari. Mali yake ni shilingi milioni 400, madeni milioni 350, yote ya muda mfupi. Mali ya muda mfupi ni milioni 340, kwa hiyo mtaji wa uendeshaji ni hasi milioni 10. Hasara aliyolimbikiza hadi mwisho wa mwaka huu ni milioni 20, na hasara ya mwaka huu kabla ya riba na kodi ni milioni 12. Mauzo yake ni bilioni 2, maana mzigo wa jumla huzunguka haraka kwa faida ndogo. Weka kwenye Z': unapata 4.90, salama kabisa. Weka hesabu hizohizo kwenye Z'': unapata hasi 0.38, hatari tupu. Kwenye 4.90 hiyo, 4.99 imetoka kwenye mauzo peke yake. Namba nyingine nne zikijumlishwa zinapunguza. Ina maana mtu anayeuza chini ya bei ya kununulia ili apate fedha ya kuzima deni la jana atapanda alama kadiri anavyouza zaidi. Na wakopeshaji wa Tunduma wanamjua sana mtu huyo: ndiye anayeagiza mara mbili wiki moja kabla simu yake haijazimwa.

Dai la tatu: hesabu hazina undugu, hazidanganyi. Lakini hesabu zipi? Wafanyabiashara wengi wadogo hulipa kodi ya makadirio na hawana hesabu zilizokaguliwa. Wengine wana vitabu viwili, kimoja cha TRA chenye faida nyembamba, kingine cha benki chenye faida nene. La ajabu ni kwamba watetezi wa kanuni wanalijua hili. Katika hoja ileile wanalalamika kuwa wateja huficha mauzo, kisha wanatuambia tuchukue hesabu za watu haohao tuzipime hadi desimali ya pili. Kama mauzo ni ya uongo, X5 ni ya uongo. Kama nyumba na lori la familia vimeingizwa kwenye mali ya biashara, kila namba iliyogawanywa kwa mali imechafuka. Kuna kipimo rahisi cha kuanzia: mwombe ripoti za Z za mashine yake ya EFD za miezi mitatu, uzijumlishe, uone kama zinakaribiana na robo ya mauzo ya mwaka aliyokuletea kwenye karatasi. Zisipokaribiana, usihangaike na kanuni yoyote kabla hajaeleza.

Dai la nne: kanuni inatoa onyo mapema. Onyo la nini? Altman alikuwa akitabiri kampuni kuomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya kufilisika. Mkopeshaji wa Tunduma anauliza jambo jingine: huyu atalipa ndani ya siku 30? Mtu anaweza kuwa na mali mara tatu ya madeni na asilipe, kwa sababu fedha zake zimekaa kwenye lori lililokwama foleni ya mpakani, au ziko kwenye kwacha na ameamua kusubiri ibadilike. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona. Mizania ya Desemba 2019 ya msafirishaji yeyote isingeweza kuliona hilo, iwe ina alama ya kijani au nyekundu.

Linabaki dai la mwisho, kwamba hata hivyo ni bora kuliko kukopesha kwa kutazama sura. Hili lingekuwa na nguvu kama njia zingekuwa mbili tu. Lakini mkopeshaji ana daftari lake mwenyewe. Mteja aliyekuwa akilipa siku ya 14, kisha ya 21, kisha ya 35, akaanza kulipa nusunusu huku oda zikikua, ameshasema yote, tena mwezi huu. Mkopeshaji ana pia taarifa za wakala wa taarifa za mikopo, zinazoonyesha kama mteja anadaiwa benki na amechelewa. Z'' ninaikubalia sehemu moja: mteja mkubwa, kampuni yenye hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu mfululizo, na hapo ninatazama zaidi kama inashuka au inapanda kuliko alama ya mwaka mmoja.

Wanaoinadi wangeweza kumaliza ubishi huu asubuhi moja. Wachukue orodha ya wateja waliokopeshwa na muuzaji mmoja wa Tunduma miaka mitatu iliyopita, wote, waliolipa na waliokimbia. Wakokotoe alama kwa hesabu walizoleta kabla ya kukopeshwa. Kisha wahesabu waliokimbia ambao kanuni ingewapitisha, na waliolipa ambao ingewafukuza. Jedwali hilo halimo popote katika hoja yao.