Akisema "napenda kupiga gita", umjibu nini?

Dada mmoja wa kikundi chetu cha akiba, mjane, aliandikishwa na binti yake katika programu moja ya simu ya kutafuta wachumba. Bwana mmoja alipenda picha yake, naye akapenda ya bwana, wakaanza kuandikiana. Siku tatu ilikuwa habari ya asubuhi na umelala je. Siku ya nne bwana akaandika: "Jioni napenda kupiga gita." Dada akajibu: "Ni vizuri, hata mimi napenda muziki." Mazungumzo yakafa hapo.

Tulisoma telefone yake pamoja (alituruhusu, na tulicheka sana). Jibu lile halikuwa baya, ila halikumwachia bwana kitu cha kueleza. Mwenzetu mmoja akasema amuulize ameanza lini, ana magita mangapi, anapigia wapi. Hapana! Hayo ni maswali ya polisi, na hujibiwa kwa neno moja moja.

Tulimshauri atoe kwanza kitu chake, kisha aulize swali moja linaloomba hadithi. Akaandika: "Baba yangu alipenda nyimbo za Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili. Anapiga gita peke yake, lakini mimi mtoto nilidhani ni watu wawili. Wewe, nani alikuonyesha pa kuweka vidole?"

Kesho yake likaja jibu refu. Kaka yake alimkataza kugusa gita, basi alijifunza kwa kuiba, kaka akiwa kazini. Akordi ya fa, ambayo kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote, ilimshinda miezi mingi, na vidole vya mkono wa kushoto vilimuuma. Kaka amekufa, gita limebaki kwake.

Hapo dada alitaka kurukia swali jingine. Tukamzuia: abaki kwa kaka. Akauliza: "Siku aliyokusikia unapiga, alisema nini?" Kisha akaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa kufuma vitambaa na mama mkwe ambaye hawakupatana.

Mtu anayependa kitu kweli hukosi kusikia taabu yake: uzi uliokatika, akordi iliyokataa. Aliyejisingizia husifu tu, kisha anarudia uzuri wako, na baadaye anaomba pesa. Lakini tusijidanganye: fa haionyeshi kama bwana ana mke nyumbani. Hilo linaulizwa waziwazi.

Wengine ni wavivu wa kuandika. Waombe watume sauti. Na kama maswali mawili ya namna hii yameleta neno moja moja, naye hakuulizi chochote, muache.

Juzi bwana alituma sauti ya gita, dada akatuma picha ya kitambaa. Kuonana bado. Atakwenda mchana, mahali penye watu, pamoja na yaya yake.