Daftari la usingizi, mazoezi na kusoma: safu chache, mara moja asubuhi

Leo siandiki kuhusu viuatilifu wala bei za mnadani. Naandika kuhusu daftari la mkulima mwenyewe, yaani anavyolala, anavyofanya mazoezi na anavyosoma.

Mwaka juzi, wakati wa kupuliza salfa, nilisinzia juu ya pikipiki nikitoka kutembelea mashamba. Nilishtukia tairi la mbele liko kwenye mchanga nje ya njia. Sikuumia, ila nilikaa chini ya mkorosho karibu nusu saa nikijiuliza jana yake nililala saa ngapi, na sikukumbuka. Mimi ninayewahimiza watu kila siku waandike kumbukumbu za shamba nilikuwa sina kumbukumbu hata moja ya mwili wangu.

Nikanunua daftari, nikachora safu kumi na moja. Kulala, kuamka, mara ngapi nimeamka usiku, maji vikombe vingapi, hali ya moyo kwa alama moja hadi kumi, dakika za kutembea, dakika za kusoma, na mengine siyakumbuki tena. Lilidumu siku tisa. Siku ya kumi nilichelewa, ya kumi na moja niliona aibu kuanza na pengo, na baada ya hapo daftari likawa la kuandikia madeni ya vocha. Mawazo yangu ya leo yanatoka kwenye kosa hilo. Nilikuwa na nia ya kutosha, ila nililipa daftari kazi nyingi kuliko nilivyoweza kuitimiza.

Lililonisaidia kulirudia ni kipima mvua. Waliowahi kusimamia kipima mvua wanajua kazi ile ilivyo nyepesi. Kila siku saa 3 asubuhi unakwenda, unasoma, unaandika namba moja, unamwaga maji, umemaliza. Namba ile inahesabu masaa 24 yaliyopita, kwa hiyo hujiulizi mvua ya usiku wa manane ni ya jana au ya leo. Mvua isiponyesha unaandika 0. Usipopima huandiki 0, unaacha wazi au unaweka mstari, kwa sababu "haikunyesha" na "sikupima" ni mambo mawili. Nikaona daftari la mwili lifuate sheria hizo hizo.

Basi langu la sasa lina safu tano tu: tarehe, kulala, kuamka, mguu na ukurasa. Nalijaza mara moja kwa siku, asubuhi, chai ikiwa jikoni. Mstari wa leo unabeba kila kitu tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi. Mstari mmoja unaonekana hivi:

```
15 | 3.45 | 11.15 | / | 62
```

Maana yake ni kwamba usiku wa kuamkia tarehe 15 nililala saa 3.45, nikaamka saa 11.15, jana nilitembea, na kitabu nimefika ukurasa wa 62.

Hapo kwenye usingizi naomba tukae kidogo, maana ndipo daftari nyingi zinapochanganyikiwa. Anayefuata saa ya simu ataandika amelala 23:30 akaamka 4:30, halafu akitoa anakuta hesabu imekataa, kwa sababu saa 6 usiku ya simu inaanza sifuri upya. Tena hajui usiku ule auandike tarehe ya jana au ya leo. Sisi tumeshamaliza tatizo hilo zamani. Saa zetu za usiku zinaanzia magharibi na kwenda moja kwa moja mpaka alfajiri bila kukatika katikati, na lugha yetu inasema "usiku wa kuamkia Ijumaa", kwa hiyo usiku ni wa siku unayoamkia. Ukilala saa 5.30 na kuamka saa 10.30, unatoa tu: masaa 5. Ukipitiliza hadi saa 1 asubuhi, andika 13, na hesabu inabaki sawa. Kitu kibaya ni kuchanganya, leo saa ya simu, kesho saa yetu. Chagua moja, na ushauri wangu ni hii yetu.

Usijilazimishe kujua dakika. Kadirio la robo saa linatosha. Anayeangalia saa usiku ili aandike vizuri anajiharibia usingizi anaotaka kuupima.

Safu ya mguu ina alama moja tu, imefanyika au haijafanyika. Kipimo changu ni nusu saa ya kutembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukipata siku tano kwa wiki umefikisha dakika 150, ambacho ni kiwango cha chini kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 kwa watu wazima. Mwongozo huo unahesabu pia kazi za mikono. Mkulima aliyelima kwa jembe kuanzia asubuhi haitaji kukimbia jioni ili apate alama, aweke tu alama yake. Safu hii ina maana zaidi kwa mwenye duka anayekaa kwenye kiti mchana kutwa, kwa bwana shamba anayebebwa na pikipiki, na kwa mkulima katika miezi ya kusubiri mvua.

Kwa kusoma sihesabu dakika. Dakika zinadanganya, unaweza kushika kitabu nusu saa macho yako yako kwenye ujumbe wa simu. Naandika ukurasa niliofika. Namba ikiwa ile ile ya jana, sikusoma, sina haja ya maelezo. Na faida ya pembeni ni kwamba sihitaji kukunja pembe za kurasa za watu wanaoniazima vitabu.

Sasa niwape mfano wa mtu. Kuna mzee mmoja mkulima wa korosho tunayejuana vizuri. Msimu uliopita alilalamika: "Bwana shamba, hii salfa inanimaliza, naamka mapema mno." Anayepuliza salfa ya unga anajua kwa nini, alfajiri upepo umetulia na umande unasaidia unga kushika kwenye majani. Nikamwomba aandike wiki moja. Haya ndiyo aliyoyaandika, nimeongeza mimi safu ya mwisho:

```
J3    4.30  10.00  = 5.30
J4    3.00  10.00  = 7.00
J5    4.45  10.15  = 5.30
Alh   2.45  10.00  = 7.15
Ij    4.30  10.00  = 5.30
J1    5.15  10.00  = 4.45
J2    5.30  12.30  = 7.00
```

Jumla masaa 42 na nusu, wastani masaa 6 kwa usiku. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima apate masaa 7 au zaidi. Lakini angalia safu ya kuamka kwanza. Haibadiliki, saa 10 na saa 10, isipokuwa Jumapili ambayo hakupuliza. Kinachoruka ni kulala. Nikamuuliza, mzee wangu, usiku wa kuamkia Jumanne na wa kuamkia Alhamisi ulifanya nini tofauti? Akafikiri. Siku hizo mbili petroli na oili ya pampu alikuwa ameshazichanganya mchana, na mifuko ya salfa ilikuwa mlangoni. Siku nyingine alikuwa akianza kutafuta petroli baada ya chakula cha usiku, akikuta watu anapiga stori, akirudi ni saa 4. Usiku wa kuamkia Jumamosi kulikuwa na msiba, huo hauna mjadala. Wa kuamkia Jumapili ulikuwa mpira kwenye kibanda umiza, huo tulicheka tu.

Hakubadilisha saa ya kuamka hata kidogo, kwa sababu salfa haingojei. Alihamisha petroli iwe saa 10 jioni. Wiki mbili baadaye usiku wa kazi aliokuwa akilala masaa 5 na nusu ulikuwa umefika karibu 7. Jambo hili hata mimi nisingelijua kwa kumuuliza tu, maana yeye mwenyewe aliamini tatizo ni alfajiri.

Safu yake ya ukurasa ilikaa kwenye 12 siku kumi na nne. Nilimwambia aifute mpaka kupuliza kuishe. Najua wapo wanaosema ukipunguza umeshindwa. Mimi sikubaliani nao. Msimu wa salfa, na baadaye Oktoba hadi Desemba wakati watu wako kwenye mizani na minada ya korosho, bakiza safu za kulala na kuamka peke yake. Safu inayokaa tupu kila siku inakufundisha kuruka mistari, na mwisho unaruka ukurasa mzima.

Kuhusu kukosa siku, msiogope. Kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, waliofuatilia watu 96 wanaojenga mazoea mapya kwa wiki 12. Kwa makadirio yao, muda wa kati hadi jambo lijiendeshe lenyewe ulikuwa siku 66, wengine 18, wengine hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo siku uliyosahau weka mstari, endelea na leo. Usijaze kwa kukisia.

Kujaza kwa kukisia kunajulikana. Katika daftari za mvua ukiona namba zote zinaishia na 0 au 5 unaanza kuwa na mashaka. Katika hili la kwetu ukiona siku sita mfululizo za 4.00 na 11.00, kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule wa haraka, mwenyewe alikaa Jumapili akajaza wiki nzima. Ikikutokea, usijilaumu, punguza safu moja.

Jambo moja daftari haliwezi. Kama linaonyesha unapata masaa 7 au 8 na bado unasinzia mchana, au mwenza wako anasema unakoroma mpaka pumzi inakatika, hilo si la kuandika tena. Lichukue daftari lenyewe uende nalo zahanati, mganga atapata pa kuanzia.

Mzee yule alimaliza kupuliza mwisho wa Septemba. Juzi nimempitia, daftari limening'inizwa kwa kamba kwenye msumari karibu na jiko. Safu ya ukurasa amechora upya. Yuko 31.