Uchovu wa Mzazi na Ugonjwa wa Mzazi Si Kitu Kimoja



Aliyelea mtoto mchanga na huku anafanya kazi hahitaji kuelezwa uchovu ni nini. Mchuma chai wa Pfunda anaamka kabla ya alfajiri akiwa ameshaamka mara nne usiku. Mwenzake wa kiwandani anatoka zamu ya usiku na kukuta mtoto ndiyo kwanza anaanza kulia. Basi mzazi akikonda, akinuna, akisahau mambo, sote tunajibu jibu moja: "Amechoka, ana mtoto mdogo." Aghalabu jibu hilo ni sahihi. Lakini mara nyingine si sahihi, na kwa sababu ni jibu jepesi linaficha ugonjwa ambao una dawa.

Ugonjwa wenyewe ni huzuni kuu inayompata mzazi baada ya kujifungua. Kwa Kinyarwanda huzuni ya namna hiyo huitwa agahinda gakabije, na hilo ndilo neno la kumwambia muuguzi ukifika santeri. Si jambo la nadra. Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba katika nchi zinazoendelea mama mmoja hivi katika kila watano hupatwa nalo baada ya kuzaa. Katika shamba lenye wanawake mia waliojifungua, ishirini si watu wa kupuuzwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia bila sababu, hukasirika upesi, kisha hucheka. Hayo huja na mabadiliko ya mwili na hupita yenyewe, mara nyingi ndani ya majuma mawili. Wakati huo nyumba imejaa wageni waliokuja guhemba na uji na kuni, na mama mkwe yupo jikoni. Ugonjwa ninaousema hauna adabu hiyo. Huweza kuanza juma la tano, au mwezi wa nne, hata baadaye ndani ya mwaka wa kwanza, wakati wageni wamekwisha kwenda zao na hakuna anayeuliza tena. Nadhani hapa ndipo desturi yetu nzuri inapotuangusha: msaada unakuja kwa wingi machozi yanapokuwa ya kawaida, na unakwisha yanapoanza kuwa ya ugonjwa.

Sasa, mtu atajuaje? Dalili iliyo karibu zaidi na sisi iko kwenye usingizi wenyewe. Aliyechoka tu, ukimpokea mtoto na kumwambia "nenda kalale", atalala kabla hujafunga mlango. Mgonjwa hulala macho wazi. Mtoto amelala, nyumba kimya, mwili umevunjika kwa kazi, na bado usingizi hauji. Au unakuja kidogo na kukatika saa nane za usiku, na mawazo yanaanza kuzunguka. Kwa hiyo jaribio la nyumbani ni hili: usiku mbili tatu mfululizo, mtu mwingine amchukue mtoto kwa saa nne au tano, amlete kunyonya kabla na baada ya muda huo, mama alale chumba kingine kama kipo. Asubuhi mtazame. Kama uso umefunguka, hamu ya chakula imerudi na anamchekea mtoto, pengine ilikuwa uchovu, na dawa yake ni kugawana usiku. Kama hakulala, au alilala na kuamka na uzito uleule, usingoje tena.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Halichukui nafasi ya muuguzi, na wako wagonjwa wanaolala kupita kiasi. Tena kukosa usingizi kwa muda mrefu kunaweza kumsukuma mtu mzima kwenye ugonjwa huu, kwa hiyo uchovu wa leo unaweza kuwa ugonjwa wa mwezi ujao. Ndiyo maana lazima tutazame na mengine: kama ameacha kupenda aliyoyapenda, kwaya au soga za njiani, kama chakula hakipiti, kama anajilaumu kwa kila jambo na kusema yeye si mama wa maana, kama anamhudumia mtoto kama mtu anayefua nguo za wengine, bila kumtazama usoni, au kinyume chake, anamchungulia kila dakika akihofia kwamba amekufa. Wengine hawasemi huzuni kabisa, husema kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio. Mambo hayo yakikaa karibu kila siku kwa majuma mawili, hatuwezi tena kuyaita uchovu.

Nitaeleza habari ya mchuma chai mmoja wa huku kwetu, na jina lake halihusiki. Alirudi kazini likizo yake ya uzazi ilipokwisha. Kabla ya mimba alikuwa akipimiwa kilo arobaini na zaidi kwa siku. Aliporudi alishuka hadi thelathini hivi, na hilo lilieleweka, maana alikuwa na saa yake ya kunyonyesha. Lakini mwezi wa pili daftari la karani lilianza kuonyesha ishirini na mbili, kumi na tisa, kumi na nane. Nyapara alimwita mvivu mbele ya wenzake. Yeye hakujibu. Mchumaji wa mstari wa pili, mama mtu mzima, ndiye aliyeona kwamba mwenzake anasimama kati ya miche mikono imelegea, na kwamba wakati wa mapumziko hali kitu.

Jioni alimfuata nyumbani. Mume alisema ni uchovu. Mama mkwe alisema pengine amerogwa. Yule mama hakubishana nao. Aliomba tu mtoto alale kwa bibi usiku tatu. Usiku wa tatu mama mkwe mwenyewe alimkuta mkwewe saa tisa ameketi kitandani gizani. Hapo ndipo yule mchumaji mwenzake alipomuuliza swali ambalo wengi tunaliogopa: "Mdogo wangu, umewahi kufikiri kwamba ni heri ungekufa?" Akajibu kwamba amewaza mara nyingi kuwa mtoto angepata mama mwingine aliye bora. Tusidhani kuuliza vile kunampa mtu wazo. Wazo likiwapo, swali humpa nafasi ya kulitua.

Asubuhi walimwona mjumbe wa afya wa kijiji, akawasindikiza santeri. Muuguzi alimpima damu, kwa kuwa upungufu wa damu baada ya kuzaa nao huleta ulegevu, na kweli ulikuwapo kidogo, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Lakini vidonge hivyo havikueleza kukosa usingizi wala mawazo ya kufa. Akaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, kwenye huduma ya afya ya akili. Huko walimpa dawa isiyomzuia kunyonyesha, na miadi ya mazungumzo kila juma. Walimwonya kwamba dawa haianzi kazi siku ile ile. Hutaka majuma mawili hadi manne, na hata akipona asiiache ghafla, aendelee miezi kadhaa kama atakavyoambiwa. Juma la tatu usingizi ulirudi kwanza. Kumpenda mtoto kulikuja baadaye, taratibu.

Kuna jambo moja katika habari hii linaloniuma. Mama huyu alipeleka mtoto chanjo juma la sita, la kumi na la kumi na nne, kama inavyotakiwa. Mara zote tatu mtoto aliulizwa habari na kutazamwa. Mama hakuulizwa, naye hakusema. Basi tusingoje kuulizwa. Siku ya chanjo, ukiwa mbele ya muuguzi, sema waziwazi: tangu majuma mangapi hulali hata mtoto akilala, unakula mara ngapi, na kama mawazo ya kufa yamekujia. Lipo hata karatasi la maswali kumi, lililotungwa huko Uingereza na kutolewa mwaka 1987, lijulikanalo kwa jina la Edinburgh, ambalo wauguzi wa nchi nyingi hulitumia. Linauliza habari za siku saba zilizopita, na kujibu ni kazi ya dakika tano tu.

Kwa wenye mituweli, mlango wa kwanza ni santeri ya karibu, kisha barua ya kwenda Hospitali ya Gisenyi. Ukiruka santeri bila dharura utalipa mwenyewe. Anayeona haya kwenda aanze kwa mjumbe wa afya wa kijiji chake, au apige simu 114 ya bure ya wizara ya afya kuuliza.

Hali moja haingoji barua. Mama ambaye katika majuma ya kwanza halali kabisa na wala hasikii haja ya kulala, anasema haraka maneno yasiyoshikana, anasikia sauti, au anadai kwamba mtoto si wake au ana shetani, huyo ana ugonjwa mwingine ulio mkali zaidi. Ni nadra, mama mmoja au wawili katika elfu, lakini unaweza kuua mama na mtoto. Asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na gari la wagonjwa huitwa kwa 912. Vivyo hivyo kwa yeyote anayesema atajidhuru.

Akina baba nao wasijione wako nje. Baba mmoja hivi katika kumi hupatwa na huzuni hii mwaka wa kwanza wa mtoto, na kwake mara nyingi haionekani kwa machozi. Huonekana kwa hasira, kwa pombe, kwa kupenda zamu za ziada ili asirudi nyumbani. Jaribio la usingizi ni lilelile, na mlango wa santeri ni uleule.

Sasa neno kwa matawi yetu. Tangu mwaka 2023 sheria ya kazi imempa mama majuma kumi na manne ya likizo ya uzazi, na akirudi ana saa moja kila siku ya kunyonyesha. Ni hatua njema. Lakini tazameni hesabu: likizo inakwisha karibu na chanjo ya tatu, na baada ya hapo mama haonekani sana santeri, wakati ugonjwa unaweza kuanza bado. Anayebaki kumwona kila siku ni karani wa mizani, nyapara na mchumaji wa mstari wa jirani. Kwa hiyo napendekeza tawi lidai mambo mawili kwa mwajiri. Kilo za mama mwenye mtoto chini ya mwaka zikishuka kwa majuma mawili mfululizo, aitwe faragha na mwakilishi mwanamke kabla nyapara hajaandika onyo. Na siku ya kwenda kwenye miadi ya hospitali ihesabiwe ni ya ugonjwa kwa cheti cha daktari, isihesabiwe ni utoro. Vibarua wa siku hawana hata hilo la cheti, na wao ndio wengi mashambani. Kwao inabidi sisi wenyewe tugawane mistari siku ile mwenzetu anapokwenda, kama wenzake yule mama walivyofanya kwa Jumatano sita.